Mbia anastaafu, wenzake wanamlipa kwa pesa za mfukoni: gudwili inaenda wapi?

Wakuu, leo naongelea kitu kimoja tu cha ubia, maana kila kikija mezani kwangu lazima kilete kelele. Mbia anastaafu, gudwili, yaani thamani ya jina na wateja wa biashara, inathaminiwa upya, halafu wanaobaki wanasema pesa ya biashara isiguswe, tutamlipa wenyewe. Uamuzi mzuri tu, tatizo linakuja kwenye daftari, kwa sababu pesa imetoka mahali ambapo mhasibu haioni na gudwili yenyewe ni mali ambayo huwezi kuishika, sasa ukichanganya hivyo viwili watu wanaanza kuhisi wameibiwa na kumbe hakuna aliyeibiwa.

Nitawapa kesi niliyoishughulikia, tarakimu nimezibadilisha ziwe rahisi kufuata. Wabia walikuwa watatu, mmoja nitamwita Kaka, wa pili Mzee, wa tatu Dada. Faida walikuwa wanagawana 5:3:2 kwa mpangilio huo huo. Mtaji wa Kaka ulikuwa 400,000, wa Mzee 300,000, wa Dada 200,000. Mzee ndo anastaafu, na wanaobaki wamekubaliana kuanzia hapo wagawane 3:2, yaani Kaka 3 na Dada 2. Shikeni hiyo 3:2 maana ndo roho ya hesabu yote.

Kwanza mali za kawaida zinathaminiwa upya. Kiwanja kikapanda kwa 50,000, stoki ikashuka kwa 10,000, na kwenye madeni wakatenga 10,000 kwa wale wadaiwa wasiolipika. Baki ni faida ya 30,000, na hii inagawanywa kwa uwiano wa zamani kwa watu wote watatu kwa sababu imepatikana Mzee akiwa bado ndani. Kaka 15,000, Mzee 9,000, Dada 6,000. Hapo huwa hakuna ugomvi.

Ugomvi ni gudwili. Mkataba wao ulisema ni wastani wa faida za miaka 3 ya mwisho mara 2. Faida kwenye vitabu zilikuwa 80,000, 100,000 na 150,000. Mzee akapiga chapchap akapata wastani wa 110,000, mara 2 ni 220,000. Lakini ukifungua leja ya ule mwaka wa mwisho unakuta 30,000 ni faida ya kuuza gari la zamani, na gari huuzi kila mwaka, kwa hiyo inatolewa, mwaka ule unabaki na 120,000 na wastani unakuwa 100,000. Gudwili 200,000. Kila ukithamini gudwili pitia faida mstari kwa mstari utafute vitu vya mara moja kama hivyo, na vya hasara pia maana saa zingine kuna hasara ya mara moja inayomuumiza anayeondoka. Sehemu ya Mzee ni 3 ya 10, yaani 60,000.

Sasa nani anambebea Mzee hiyo 60,000? Wengi wanajibu haraka, wagawane Kaka na Dada kwa 5:2 kama walivyozoea. Hapana. Anayelipa gudwili ni yule ambaye fungu lake la faida limeongezeka, na analipa kwa kadiri lilivyoongezeka. Kaka alikuwa na 5/10, sasa ana 3/5 ambayo ni 6/10, kaongeza 1/10. Dada alikuwa na 2/10, sasa ana 2/5 ambayo ni 4/10, kaongeza 2/10. Uwiano wa ongezeko ni 1:2. Kwa hiyo debiti Kaka 20,000, debiti Dada 40,000, krediti Mzee 60,000, kote ni kwenye akaunti za mtaji. Dada mwenye mtaji mdogo kuliko wote ndo anabeba zaidi, inaonekana kama uonevu lakini fungu lake ndo limekua mara mbili.

Kuna wanaopenda kuiingiza gudwili yote kwanza, debiti gudwili 200,000 na krediti watu watatu kwa 5:3:2, halafu waifute kwa wawili wanaobaki kwa 3:2. Fanya ukipenda, majibu ni yale yale: Kaka anapata 100,000 anakatwa 120,000, Dada anapata 40,000 anakatwa 80,000. Ila usiiache ikae kwenye mizania kama mali, gudwili ambayo biashara imejijengea yenyewe haitambuliwi kama mali chini ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 38.

Baada ya hapo akaunti ya Mzee inasoma 300,000 jumlisha 9,000 jumlisha 60,000, yaani 369,000. Akaunti ya benki ya biashara yao ilikuwa na 120,000. Hapo unaelewa kwa nini waliamua kutoa mfukoni, ukijaribu kumlipa kutoka benki unaua mzunguko wote na bado hujammaliza.

Kila mmoja atoe ngapi? Wao walitaka mitaji ibaki kwenye 3:2 kama faida. Kaka kwa sasa anasoma 395,000 na Dada 166,000, ukiongeza zile 369,000 za Mzee jumla ya mtaji ni 930,000. Gawa kwa 3:2 unapata Kaka 558,000 na Dada 372,000. Basi Kaka anatoa 163,000, Dada anatoa 206,000, jumlisha ni 369,000 kamili. Kama hawajali mitaji kulingana wanaweza kutoa kwa uwiano wowote waliokubaliana, ila waandike, msije mkaanza kukumbushana mambo ya mdomo baada ya miaka.

Kwenye vitabu kuna njia mbili. Wakimpa Mzee mkononi kwa mkono, debiti mtaji wa Mzee 369,000, krediti Kaka 163,000 na Dada 206,000, basi, benki haiguswi kabisa. Wakipitisha kwenye akaunti ya biashara, debiti benki 369,000 na krediti wao wawili, halafu debiti Mzee krediti benki. Mwisho ni ule ule, benki inabaki na 120,000. Mimi napenda ya pili kwa sababu inaacha alama kwenye taarifa ya benki na Mzee hawezi kusema hakupata. Ile ya kwanza kama mmeichagua basi iwe na risiti iliyosainiwa, na mhasibu aambiwe siku ile ile, maana nimekuta vitabu ambako mhasibu alisikia tu "Mzee keshalipwa" akakrediti benki 369,000. Vitabu vikaonyesha benki ina hasi 249,000 wakati taarifa ya benki yenyewe inasoma 120,000. Usuluhishi wa benki ukikataa kwa kiasi sawa kabisa na haki ya aliyestaafu, huhitaji kutafuta mbali.

Tukafunga. Siku mbili tatu hivi Dada akanipigia, ana hasira za wazi. "Nimetoa 206,000 zangu mwenyewe, mtaji wangu ulikuwa 206,000 baada ya uthamini, mbona naona 372,000? Si ningekuwa na 412,000? Zangu 40,000 ziko wapi?"

Swali zuri sana na kila mtu anapaswa kuliuliza. Zile 40,000 kanunulia gudwili kwa Mzee. Katika 206,000 aliyotoa, 166,000 imelipia sehemu ya mtaji wa Mzee na ile imeingia kwenye mtaji wake, 40,000 imelipia haki ya kuchukua 2/10 zaidi ya faida kuanzia sasa, na kwa kuwa gudwili haimo kwenye mizania basi nayo haionekani kwenye mtaji. Haijapotea, atairudisha kupitia faida, au siku biashara ikiuzwa.

Nikamwonyesha kipimo ambacho hata nyinyi mnaweza kukitumia kuhakiki. Jifanye biashara imeuzwa kesho yake asubuhi na mnunuzi kalipa gudwili ile ile 200,000. Kabla Mzee hajaondoka, Dada angepata mtaji 206,000 na gudwili 2/10 ambayo ni 40,000, jumla 246,000. Baada ya Mzee kuondoka anapata mtaji 372,000 na gudwili 2/5 ambayo ni 80,000, jumla 452,000, toa 206,000 aliyotoa mfukoni, inabaki 246,000. Sawa sawa. Kaka fanya hivyo hivyo, kabla ni 415,000 na 100,000, baada ni 558,000 na 120,000 toa 163,000, zote zinakuja 515,000. Mtu akitoka na zaidi au pungufu kwenye kipimo hiki ujue gudwili imegawiwa vibaya. Wangetumia ile 5:2 Kaka angedebitiwa kama 42,857 badala ya 20,000, yaani angemlipia Dada karibu 22,857 bila kujua, na hiyo kwenye mizania huioni, inabalansi vizuri tu.

Sasa mtego mwingine. Wapo wanaoamua gudwili imalizwe pembeni kabisa, Kaka anampa Mzee 20,000, Dada 40,000, hakuna kinachoandikwa kwenye vitabu. Ruksa. Lakini basi ile ingizo la 20,000, 40,000 na 60,000 usilipitishe, akaunti ya Mzee iishie 309,000 na hiyo ndo mnayomlipa kupitia vitabu. Mitaji itatoka ile ile 558,000 na 372,000, jaribu uone. Kinachoharibu ni kuchanganya, ingizo limepitishwa halafu kwenye malipo mkaandika 309,000 tu kwa sababu ile 60,000 "tulishampa nje". Utaona akaunti ya Mzee bado ina krediti 60,000, mtu keshaondoka na vitabu vinasema anadai. Ukikuta salio la mstaafu linalingana na fungu lake la gudwili, ndo hiyo.

Na kama mmoja hana pesa taslimu akaenda kukopa, kama Dada alivyofanya kwa sehemu fulani, ule mkopo ni wake. Kila mwezi marejesho yake yakitoka kwenye akaunti ya biashara, riba na yote, debiti ni kwenye matumizi binafsi ya Dada, sio gharama ya biashara, la sivyo Kaka anakuwa anabeba 3/5 ya riba ya mkopo asioujua.