Namba 7 ni sawa, lakini "7 N" si badiliko la momenta

"Mpira wa 0.5 kg umegonga ukuta kwa 8 m/s, ukarudi kwa 6 m/s. Badiliko la momenta? Nimeandika 7 N, mwalimu amenipa alama 1 kati ya 3. Si namba ni ile ile?"

Namba ni ile ile, ila N ni kizio cha kani. Momenta ni tungamo mara kasi, kwa hiyo kizio chake ni kg m/s, au N s ukipenda. Hiyo s uliyoacha si pambo. Tuseme mpira uligusa ukuta kwa sekunde 0.1: kani ya wastani ni 7 ÷ 0.1, yaani 70 N. Kwa hiyo "7 N" inamwambia msahihishaji kwamba ukuta ulisukuma kwa kani ndogo mara kumi kuliko ilivyokuwa.

Alama ya pili imeenda na mwelekeo. Chukua kuelekea ukutani kuwa chanya. Mwanzo una +4, mwisho una −3, na −3 − 4 = −7 kg m/s. Alama hiyo ya kutoa maana yake ni "kutoka ukutani". Nashuku ulijumlisha 4 na 3 kwa sababu ulikumbuka tu kwamba mpira ukirudi unajumlisha. Aliyepuuza mwelekeo tangu mwanzo angepata 1, kana kwamba mpira umetoboa ukuta wa ploti pale Umoja na kuendelea na safari yake.

Andika hivi: 7 kg m/s, kutoka ukutani. Mshale kwenye mchoro pia unakubalika, mradi umeonyesha upande upi ni chanya.