Zamu za Watu Watano kwa Konsoli Moja

Nyumbani kwetu tuko watano: mimi, mume wangu, kifungua mimba wetu mwenye miaka 15, binti wa miaka 11 na kitinda mimba wa miaka 7. Konsoli ni moja, aina ya Nintendo Switch, na padi ni nne. Ratiba yetu ya kwanza ilimpa kila mtu dakika 30 kamili, nami niliamini kwamba dakika zikilingana ugomvi ungekwisha. Jumamosi hiyohiyo kengele ilimkatiza mkubwa mechi ya kandanda ikielekea ukingoni, kisha binti akapoteza zamu yake karibu yote kwa kurudia sehemu ambayo alikuwa hajaihifadhi. Dakika zao zililingana, lakini hakuna aliyekuwa amecheza kitu akakimaliza.

Tangu hapo tunapima zamu kwa mahali ambapo mchezo wenyewe unafika mwisho. Mechi ya kandanda iliyowekwa dakika sita kila kipindi huchukua takriban robo saa pamoja na masimamo yake, kwa hiyo zamu ya mkubwa ni mechi tatu. Katika mchezo wa hadithi, zamu ya binti ni dakika 45, na kengele hulia mara mbili: ya kwanza katika dakika ya 35, ikimtaka atafute pa kuhifadhi na asianze pambano jipya, na ya pili ikimtaka akabidhi padi. Akizidisha dakika kumi, zinakatwa katika zamu yake ya kesho, wala si katika zamu ya anayemfuata, kwa maana huyo hana kosa lolote.

Kengele hiyo ni saa ya kawaida ya mezani. Mwanzoni nilitegemea udhibiti wa wazazi wa Switch, nikaweka kikomo cha saa moja nikidhani ni cha kila mtoto, kumbe kikomo hicho huhesabu matumizi ya mashine nzima kwa siku, na waliotangulia wakakimaliza kabla kitinda mimba hajagusa padi. Bado ninautumia kwa kuzuia michezo isiyolingana na umri, ila kugawa zamu hauwezi. Jambo jingine ni kumfungulia kila mtu akaunti yake ndani ya konsoli, kwa sababu ipo michezo inayoweka hifadhi moja tu kwa kila akaunti, na mdogo akianza mchezo upya katika akaunti ya dada yake anaweza kufuta kazi ya wiki nyingi.

Mpangilio wa zamu unafuata umri wa anayeangalia, si wa anayecheza tu. Alama za umri za PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga michezo, yaani 3, 7, 12, 16 na 18, hueleza kama maudhui yanamfaa mtoto, na skrini ya sebuleni huonwa na wote waliomo. Ndiyo maana kitinda mimba hucheza kwanza, saa tatu asubuhi, kwa kawaida Minecraft yenye alama ya 7, katika hali ya ubunifu ambamo hafi wala hapotezi alichojenga. Binti humfuata, kisha mimi, kisha mume wangu. Mkubwa hupata mechi zake alasiri, au huzibadilisha na mchezo wa alama ya 12 baada ya mdogo kulala. Ikumbukwe kuwa alama hizo hazipimi ugumu: kandanda lina alama ya 3, lakini mtoto wangu wa miaka saba alishindwa kabisa na vitufe vyake.

Jumapili ni ya kucheza pamoja, na hapa ndipo padi nne kwa watu watano huleta shida. Tunatumia Mario Kart 8 Deluxe, ambamo kombe moja lina mbio nne na huchukua takriban dakika 12. Tunacheza makombe matano, yaani karibu saa nzima, na katika kila kombe mtu mmoja hupumzika. Hesabu inakaa sawa: kila mtu hucheza makombe manne na kukaa nje mara moja. Anayekaa nje ndiye anayechagua kombe litakalochezwa, na tangu tumpe haki hiyo hakuna anayenung'unika. Tunabadilishana baada ya kombe kwisha tu, kwa sababu pointi za mbio zote nne hujumlishwa kwa mchezaji mmoja.

Kitinda mimba tunamwashia msaada wa usukani katika ukurasa wa kuchagua gari, ili gari lake lisitoke barabarani, pamoja na mwendo wa kujiendesha. Msaada huo humzuia kupita baadhi ya njia za mkato, basi haumpi ushindi wa bure. Juzi aliuzima mwenyewe, akaanguka mara nyingi, akamaliza wa tisa, na akaomba usiwashwe tena.