Maswali na majibu: haidromita inaposimama ndani ya maji, mafuta na maziwa

Mwalimu, kwa nini namba za haidromita, kifaa cha kupimia densiti ya kimiminika, huongezeka kuelekea chini, wakati za kipimajoto huongezeka kuelekea juu?

Kwa sababu uzito wa haidromita haubadiliki, uitie ndani ya maji au ndani ya mafuta ya taa. Ili ielee, ni lazima iondoe kimiminika chenye uzito sawasawa na wake. Haidromita ya gramu 20 huondoa gramu 20 za maji, yaani sentimita za ujazo 20. Mafuta ya taa ni mepesi, densiti yake ni kama 0.8, kwa hiyo gramu 20 zake huchukua sentimita za ujazo 25, na haidromita hulazimika kuzama zaidi hadi ipate hizo tano zilizopungua. Kimiminika chepesi hufika juu kwenye shina, kizito huishia chini. Ndiyo maana namba ndogo iko juu.

Nimetengeneza ya kwangu kwa mrija wa soda, lakini inalala ubavu.

Uzito wake umekaa sehemu ya juu ya mrija badala ya chini. Ziba ncha ya chini vizuri, kisha ongeza mchanga au vijisumari kidogo kidogo mpaka mrija usimame wima wenyewe. Ukiinama hata kidogo, usisome, maana alama itakudanganya.

Wangu umesimama. Niliweka alama ya 1.0 kwenye maji na 0.8 kwenye mafuta ya taa, nikaendeleza alama nyingine kwa nafasi zilezile. Maji yaliyoshiba chumvi yakasoma 1.13, wakati kitabu kinasema 1.2. Nimekosea wapi?

Kosa liko kwenye hizo nafasi ulizozifanya sawa. Tuseme mrija wako ulizama sentimita 10 kwenye maji. Kwa kuwa upana wake ni uleule juu hadi chini, kina cha kuzama ni 10 kugawanya kwa densiti. Kwenye mafuta ya taa utapata 12.5, na kwenye maji ya chumvi ya 1.2 utapata 8.33.

Sasa tazama hatua moja moja. Kutoka 0.8 hadi 0.9 alama zinaachana kwa sentimita 1.39. Kutoka 0.9 hadi 1.0 ni 1.11. Kutoka 1.0 hadi 1.1 ni 0.91, na hadi 1.2 ni 0.76 tu. Zinabanana kadiri unavyoshuka, kwa sababu densiti imo kwenye kigawanyo. Wewe uliendelea na nafasi pana ya mafuta ya taa, sentimita 1.25 kwa kila 0.1. Mrija ulipopanda sentimita 1.67, kwenye alama zako ikawa ni hatua moja na theluthi, yaani 1.13. Mrija ulielea ipasavyo. Futa alama, uzipange upya kwa kugawanya.

Kwa nini haidromita za dukani zina tumbo nene na shina jembamba? Mrija mtupu hautoshi?

Hautoshi pale tofauti inapokuwa ndogo. Chukua laktomita, haidromita ya maziwa. Ikiwa na gramu 20, kutoka densiti ya 1.030 hadi 1.027 inahitaji kuondoa takriban sentimita ya ujazo 0.057 zaidi, kama tone moja kubwa. Shina lenye eneo la sentimita ya mraba 0.5 litazama milimita moja tu, na jicho halitaiona vizuri. Shina lenye eneo la 0.05 litazama milimita 11. Tumbo linabeba karibu ujazo wote, shina linakuza mabadiliko. Gharama yake ni kwamba shina jembamba hupima masafa mafupi tu; laktomita ukiitia kwenye mafuta ya taa itazama yote.

Mimi ni mfugaji. Maziwa niliyoyapeleka moja kwa moja kutoka zizini yalisoma 27, nikaambiwa nimetia maji. Sikutia hata tone.

Ninakuamini kwamba inawezekana, na hesabu iko upande wako. Kusoma 27 maana yake ni densiti ya 1.027. Maziwa ya 30 yakiongezwa maji hadi sehemu moja ya kumi iwe maji, hushuka kufikia 27 hivi. Lakini maziwa ya moto hupanuka pia: kwa laktomita iliyopimiwa nyuzi 20, kila nyuzi inayozidi hupunguza usomaji kwa takriban 0.2. Maziwa ya nyuzi 35 yamezidi kwa 15, na hapo zimeondoka 3. Mfugaji mwaminifu na mtia maji wanasomeka sawa.

Omba yapoe hadi karibu nyuzi 20, povu litulie, yakorogwe taratibu, kisha yapimwe tena huku laktomita haigusi ukingo wa chombo. Yakipanda hadi 30, lilikuwa joto. Yakibaki 27, kuna sababu ya kuyachunguza zaidi, na hapo kipimo cha mafuta kinahitajika, kwa kuwa anayeengua malai hupandisha usomaji, na akitia maji baadaye huurudisha ulipokuwa.