Kizuizi kilekile, elektroni inapenya protoni inakwama

Swali: Mwalimu shikamoo, niko mwaka wa pili fizikia, nipo likizo nyumbani Nyegezi. Elektroni ya 1 eV inakutana na kizuizi cha 5 eV chenye upana wa 0.5 nm. Wanasema inaweza kupita ila protoni sahau. Masi inaingiaje hapo, na nakadiriaje?

Jibu: Marahaba. Si umewaona wavuvi wa dagaa usiku pale Igombe na taa zao? Ule mwanga haukatiki ghafla ukigusa maji, unafifia kadiri unavyoshuka, kila hatua inakula sehemu ileile ya kilichobaki. Wimbi la elektroni ndani ya kizuizi nalo linafifia hivyohivyo, na kizuizi kikiwa chembamba linatokea ng'ambo likiwa limebaki dogo tu, na mraba wa ukubwa wake ndo unaotoa uwezekano wa kuikuta elektroni kule. Ila maji yanameza mwanga, kizuizi hakimezi kitu: elektroni isiyopita inarudi ilikotoka, na iliyopita inatoka na 1 eV yake kamili.

Kasi ya kufifia κ na uwezekano wa kupita T ni hizi, V ikiwa kimo cha kizuizi, E nishati ya chembe, m masi yake na L upana wa kizuizi:

```
κ = √(2m(V − E)) / ħ
T ≈ 16(E/V)(1 − E/V) e^(−2κL)
```

Wengi wanaweka V nzima, wewe weka upungufu V − E, yaani 4 eV, na uibadili kwanza kuwa jouli. Kwa elektroni κ inakuja kama 1.02 × 10¹⁰ kwa mita, kwa hiyo 2κL ni 10.25, na e^(−10.25) ni kama 3.5 × 10⁻⁵. Zidisha na kile cha mbele ambacho ni 2.56, unapata 9 × 10⁻⁵, yaani zikigonga laki moja zinapita tisa hivi.

Sasa protoni. Masi yake ni mara 1836 ya elektroni, lakini iko ndani ya kipeuo, kwa hiyo κ inakua mara 43 tu hivi. Unaweza kusema mbona kidogo, shida ni kwamba hiyo 43 inapanda juu kwenye kipeo: 2κL inakuwa 439, na T inaangukia kwenye 10⁻¹⁹⁰ hivi, hapo hata usubiri umri wote wa ulimwengu. Chembe nzito wimbi lake linajikunja kwa ukali zaidi kwa upungufu uleule wa nishati, linazimika kabla halijafika mbali.

Hii ya haraka inafaa 2κL ikiwa kubwa kuliko 1 kwa mbali. Jaribu upana wa 0.03 nm uone, itakupa T ya 1.4 hivi, elektroni zinazopita nyingi kuliko zilizokuja! Ukiona hivyo tumia ile kamili,

```
T = 1 / (1 + V² sinh²(κL) / (4E(V − E)))
```

nayo itakupa 0.87.