Walioacha dawa wanabaki kwenye hesabu

"Kaka, wagonjwa walioacha dawa katikati ya jaribio si niwatoe tu? Dawa yenyewe hawakuitumia!"

Usiwatoe, mdogo wangu. Kila mtu ahesabiwe kwenye kundi alilopangiwa, hata kama vidonge vyake viliishia kabatini. Makundi yako yanafanana kwa sababu ya bahati nasibu. Ukianza kuchagua wa kubaki, umeivuruga.

Tazama jaribio la Marekani la klofibrati, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, kwa wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo. Ripoti ya 1980 ilionyesha kuwa ndani ya miaka 5, kati ya waliomeza angalau asilimia 80 ya dawa walikufa asilimia 15.0, kati ya wazembe, 24.6. Utasema dawa imeokoa watu. Haya, nenda kundi la vidonge bandia: watiifu 15.1, wazembe 28.2! Kidonge kitupu hakimwokoi mtu. Anayekimeza bila kukosa alikuwa mtu tofauti tangu mwanzo. Ukilinganisha makundi mazima ni 20.0 kwa 20.9, karibu sawasawa.

Kwa hiyo yule mgonjwa wako wa Mbagala aliyeacha dawa kwa kizunguzungu, mpigie simu, nenda hata kwake, uandike hali yake ya mwisho. Usipoipata, kumweka kwenye kundi lake ni jina tu, maana matokeo utakuwa unayakisia.

Hesabu ya waliofuata masharti nayo ifanye, pembeni. Ila kama unathibitisha kwamba dawa mpya si duni kuliko ya zamani, ipe uzito: hapo walioacha huyafanya makundi yafanane kwa uongo.