Faida iko kitabuni, pesa haiko kwa droo

"Mjomba, duka linauza kila siku na hesabu inaonyesha nina faida, lakini Jumatatu nikienda kununua stoki sina pesa. Majirani nao wanasema nisipowakopesha watahamia duka lingine. Pesa yangu inaenda wapi?"

Mpwa wangu,

Nimezipitia kurasa za daftari ulizonitumia. Jumla ya deni ni 18,400, na uliniambia ulianza na mtaji wa 45,000. Maana yake duka unaloendesha sasa ni la 26,600, ilhali kodi, stima na tumbo lako vinahesabu bado uko na lile la 45,000. Hakuna aliyekuibia. Pesa yako iko Kayole hapo hapo, imegawanyika katika nyumba za watu, na wengine unawasalimia kila asubuhi.

Tuchukue unga, maana ndio unaokopwa zaidi. Beli moja ina pakiti 12 za kilo mbili. Kwa bei ya jumla unayopata Nyamakima ni 1,560, yaani 130 kwa pakiti, na unauza 140. Beli ikiisha umepata 120. Ukiitazama hivyo, unaona kumkopesha mtu unga ni kuchelewesha faida ya shilingi kumi kumi tu, na ndipo vijana wengi wanapopotea. Faida ya duka haitoki kwa beli moja. Inatoka kwa ile 1,560 kurudi mkononi, kwenda Nyamakima tena, kurudi tena. Uliniambia beli inakwisha kwa siku tatu. Basi pesa hiyo hiyo, ikilipwa taslimu au kwenye till, inaweza kuzunguka mara kumi kwa mwezi na kukuletea 1,200. Ukiikopesha beli yote hadi mwisho wa mwezi, na kila mtu alipe bila kusumbua, umepata 120. Wamekulipa kila senti na bado umekosa 1,080.

Lakini nisikudanganye, hesabu hiyo ina mpaka wake. Inakuuma tu pale wateja wa pesa mkononi wanapokuja na kukuta rafu tupu. Kama una beli tano zimekaa na hakuna anayeziulizia, kumkopesha mwalimu pakiti mbili hadi mshahara hakukupunguzii kitu, huenda hata kumekuongezea mauzo. Shida yako si hiyo. Wewe mwenyewe umesema Alhamisi unga umeisha na huna pesa ya kuongeza. Anayekuja Alhamisi jioni na 140 yake mkononi anavuka barabara, na huko anachukua pia sukari, sabuni na mkate. Unapoteza kapu zima kwa sababu ya pakiti iliyokopwa na mwingine Jumatatu.

Na asiyelipa kabisa? Pakiti moja ikipotea umepoteza 130, na kila pakiti unayouza inakupa 10. Kwa hiyo lazima uuze pakiti 13 ndipo urudi ulipokuwa, beli nzima na moja juu, ukiwa umefanya kazi ya bure. Kwenye daftari lako nimeona 5,200 ambazo zimepita miezi miwili. Zingekuwa za unga mtupu, ungehitaji kuuza pakiti 520 kuzifidia. Hizo ni zaidi ya beli 43! Ndiyo maana sikubali ukiniambia "ni elfu tano tu."

Kuna na lile jambo la mkopo wa simu. Ulichukua 5,000 kujaza rafu na ukarudisha na 400 juu. Elfu tano inanunua beli tatu, na beli tatu zinakupa 360 kwa mzunguko mmoja. Ungeziuza taslimu na kuzungusha mara kadhaa, sawa, ungebaki na kitu. Lakini ulizikopesha tena hadi mwisho wa mwezi. Hapo umelipa 400 ili upate 360, na mteja wako amekula mkopo wenye riba akidhani ni bure. Riba umeilipa wewe.

Bei ikipanda ni mbaya zaidi. Unakumbuka mwaka 2022, unga wa kilo mbili ulipita 200, hadi Julai serikali ikaushusha kwa muda kufika 100. Waliokuwa na deni kabla ya bei kupanda walilipa ilivyoandikwa, na ni haki yao. Lakini pesa ya pakiti kumi ilipofika, huko kwa jumla haikununua tena pakiti kumi. Rafu inapungua hata kama kila mtu amelipa.

Sasa, sikwambii ufunge deni. Watu wanaosema hivyo hawajawahi kuuza duka mtaani, ambako mama anakujia saa mbili usiku, watoto hawajala na mume hajarudi. Nakwambia uangalie deni linalipwa kwa pesa gani, na inafika lini. Vijana wa mjengo wanaolipwa Jumamosi, deni lao liishe Jumamosi hiyo hiyo, na Jumamosi jioni usitoke dukani, kwa sababu pesa hiyo Jumapili haipo. Mwenye mshahara, mpe tarehe yake. Yule ambaye hana siku ya kupata pesa, mpe kidogo cha kumsaidia na uhesabu moyoni umempa. Usiandike ukijidanganya. Mkate usikopeshe kabisa: mwenye gari la mkate anataka pesa yake asubuhi, na kinachobaki kwako ni shilingi chache mno kusubiria mtu.

Jumla ya deni isizidi faida unayopata kwa wiki. Kwa mauzo uliyonitajia hiyo ni kama 4,000. Ikifika hapo, anayetaka kukopa anasubiri mwingine alipe. Hivyo unakopesha jasho lako na mtaji unabaki rafuni. Na mtu asichukue jipya kabla ya kumaliza la zamani, maana ukiruhusu "weka hii juu ya ile" deni halina tena tarehe.

Daftari nalo lipange upya. Umeandika kwa siku, kila mtu ametapakaa kurasa kumi. Mpe kila mtu ukurasa wake, weka tarehe, kitu na bei, na aone ukiandika. Jioni andika mahesabu mawili tofauti: ulichouza, na ulichoshika, yaani pesa ya droo pamoja na ya till. Siku ukiona umeuza 6,000 na umeshika 3,900, usiseme biashara ilikuwa nzuri. Siku tatu mfululizo za namna hiyo, Jumatatu huendi Nyamakima.

Wale wa 5,200 usiwafuate ukipiga kelele plotini. Mwenye deni la aibu hubadilisha njia ya kwenda nyumbani, na hapo umepoteza deni na mteja pamoja. Mwambie kila mmoja alete 100 kila Ijumaa, na anunue taslimu kama kawaida bila maneno. Kwa yule fundi mwenye 1,900, mwulize kama anaweza kukutengenezea ile milango ya kabati iliyolegea, mkubaliane bei kabla hajaanza na muiandike kwenye ukurasa wake. Anza na kuhesabu stoki Jumapili hii ukishafunga, kisha unipigie nijue ni beli ngapi unaweza kununua bila kugusa simu.

Mjomba wako, Kawangware