Kichefuchefu cha sindano kina kalenda yake

Kila kundi jipya la intani likiingia kliniki ya kisukari, wiki mbili haziishi kabla sijaikuta kwenye faili sentensi ileile: "Kichefuchefu cha dawa, aendelee, arudi baada ya mwezi." Mara nyingi ni kweli. Shida ni kwamba mnaiandika kabla ya kumgusa mgonjwa tumbo. Hapa Kisumu sindano hizi za inkretini zimeanza kuzoeleka, na wagonjwa wanaotapika wanazidi kupanga foleni mlangoni kwenu. Kwa hiyo wadogo zangu, someni hii kabla ya Jumatatu.

1. Jueni kichefuchefu cha kawaida kinavyotembea. Semaglutaidi huanza kwa 0.25 mg mara moja kwa wiki, kwa wiki 4, kisha 0.5 mg. Ile 0.25 haiko pale kushusha sukari, iko pale tumbo lizoee. Mkiona sukari bado iko juu wiki ya tatu msiharakishe dozi. Tirzepataidi nayo huanza kwa 2.5 mg kwa wiki 4, ikapanda 5 mg, na kila hatua inayofuata husubiri angalau wiki 4 nyingine.

Dawa hizi hufanya kazi kwenye ubongo, sehemu zinazosema "nimeshiba", na mwanzoni hulichelewesha tumbo kumwaga chakula. Mama aliyezoea kumaliza ugali wa sahani nzima atashiba nusu ya njia, na akilazimisha nusu iliyobaki kwa sababu nyumbani chakula hakitupwi, atatapika. Huyo hahitaji dawa ya kutapika kwanza. Anahitaji sahani ndogo, mafuta kidogo, ale polepole na aache mara anaposhiba. Mwambieni hivyo siku ya sindano ya kwanza, si siku anaporudi macho yamezama.

Sasa kalenda. Kichefuchefu cha dawa huja siku chache baada ya sindano, hasa wiki za kwanza na kila dozi inapopandishwa, kisha hupungua chenyewe. Kinaweza kuleta tumbo kujaa, kiungulia, kuhara au kufunga choo. Hakileti maumivu makali yanayokaa mahali pamoja. Ikiwa kutapika kumeanza nje ya kalenda hiyo, yaani dozi haijabadilika na mgonjwa alikuwa ameshazoea, acheni kuilaumu sindano na mtafute kitu kingine. Ulizeni pia kama aliruka sindano kadhaa kwa kukosa pesa, kisha akarudia dozi kubwa kwa mpigo. Huyo kalenda yake imeanza upya, na mara nyingi inabidi arudishwe chini apande tena.

2. Maumivu ya chembe cha moyo. Hapa ndipo mnaponitoa jasho, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukueni mgonjwa wa namna hii, maana mtampata. Mama wa miaka 52, mchuuzi wa samaki kutoka upande wa Ahero. Alianza na kilo 95, yuko kwenye metformini na semaglutaidi, sindano yake ni Ijumaa jioni. Alipanda 0.5 mg wiki ya tano, akasumbuka kidogo, na kufikia wiki ya saba alikuwa anakula bila shida. Wiki ya kumi na moja ana kilo 84, na kliniki nzima inampigia makofi. Jumatano usiku, siku tano baada ya sindano, anashikwa na maumivu juu ya kitovu. Alhamisi anaenda kwa duka la dawa, anauziwa omeprazoli, kwa sababu kila maumivu ya hapo kwetu huitwa vidonda vya tumbo. Ijumaa asubuhi yuko kwenye benchi lenu.

Intani anauliza, "Mama, unatapika?" Anajibu, "Natapika, daktari, na tumbo linaniuma." Intani anaandika: kutapika mara nne, kichefuchefu cha dawa, plasili, apunguze mafuta, sindano ya leo aendelee.

Angalieni alichokiacha. Aliambiwa "linaniuma" akasikia "linachafuka". Hakuuliza maumivu yalianza lini wala kama yamewahi kukatika, na jibu lingekuwa kwamba yamekaa tangu Jumatano bila kupumzika. Hakuuliza kipi kilitangulia. Kwenye kongosho lililovimba maumivu kwa kawaida ndiyo huongoza, kutapika kunafuata na hakuleti nafuu, ilhali mwenye kichefuchefu cha dawa akishatapika hupata ahueni kwa muda. Hakuuliza yanaenda wapi, na yangekuwa yanapenya mgongoni. Hata bila maswali, mwili wa mama ulikuwa unasema: alikuwa ameinama juu ya mkoba wake, na alipoambiwa alale kitandani alikataa, akisema akilala chali ndiyo yanazidi. Mapigo yake yalikuwa 112 na hakuna aliyeyaandika.

Basi maswali ni manne tu: yalianza lini, yamekatika au la, yanaenda mgongoni au la, na ukikaa umeinama yanapungua au la. Kisha mkono juu ya tumbo na vidole kwenye mshipa. Maumivu makali yasiyokatika ya chembe cha moyo, yawe na kutapika au yasiwe nako, sindano inasimama hapohapo na mgonjwa anapimwa siku hiyohiyo. Hakuna "arudi mwezi ujao".

Mnapima nini? Lipesi kwanza. Utambuzi unataka vitu viwili kati ya vitatu: maumivu ya aina hiyo, lipesi au amilesi iliyofika angalau mara tatu ya kikomo cha juu cha maabara, au picha inayoonyesha uvimbe. Ikiwa kikomo cha maabara yenu ni 60, mstari wenu ni 180. Mama huyu anarudi na 740. Tayari ana viwili, hamuhitaji siti skani siku ya kwanza. Hiyo iachwe kwa mgonjwa ambaye utambuzi wake una shaka au ambaye anazidiwa baada ya siku tatu.

Kinyume chake pia ni kosa. Wagonjwa wengi wa sindano hizi lipesi yao hupanda kidogo bila dalili yoyote, kwa hiyo msiagize lipesi kwa kila anayepita, kisha mkamwachisha dawa mtu mzima wa afya kwa sababu ya 85.

Halafu tafuteni chanzo. Altrasaundi mara nyingi haioni kongosho vizuri kwa sababu ya gesi, lakini hatuiombi kwa ajili hiyo, tunaiomba ituonyeshe mfuko wa nyongo. Kwa mama huyu ALT ni 210, na ALT inayopita 150 mapema kwenye ugonjwa huelekeza kwenye mawe ya nyongo. Picha inathibitisha mawe. Kilo kumi na moja kwa wiki kumi na moja ndizo zilizopigiwa makofi, na kupungua kwa kasi ni mojawapo ya njia ambazo mawe hujitengeneza. Pamoja na hayo, dawa zenyewe zinahusishwa na magonjwa ya mfuko wa nyongo. Uzito ukishuka hivyo, ulizeni kuhusu maumivu ya upande wa kulia baada ya chakula cha mafuta, msingojee mawe yashuke kwenye kongosho.

Pimeni pia triglisaridi (zikipita 11 mmol/L zenyewe zinatosha kuliwasha kongosho), na muulizeni kuhusu pombe bila kumwonea aibu, chang'aa ikiwemo.

Matibabu ya mwanzo ni maji ya Ringa, dawa ya maumivu ya kutosha, na uangalizi. Zamani tulikuwa tunafurika maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kumwagia kwa kasi hakusaidii na kunajaza maji mwilini. Kwa aliyekauka, 10 ml kwa kila kilo kwa saa mbili, kisha 1.5 ml kwa kilo kwa saa. Kwa kilo 84 hiyo ni 840 ml, halafu kama 126 ml kwa saa, mkiangalia mkojo na mapafu. Antibiotiki hazipewi kwa kinga. Chakula kirudi mapema anapokivumilia.

Je, ni sindano iliyoleta kongosho? Mwaka 2014 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilipitia data pamoja na hazikuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Kisukari chenyewe huongeza hatari. Lakini onyo limebaki kwenye karatasi ya dawa, na sisi tunalifuata.

3. Msiolewe na jibu la kwanza. Kwetu kipimo cha haraka cha malaria hakiishi kutoa chanya, na kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo chanya haifungi faili la mtu anayeumwa mgongoni. Anayetapika mkiwa mmemkatia insulini ghafla ili aanze sindano, pimeni ketoni. Vivyo hivyo kwa anayetumia dapagliflozini, hata sukari ikiwa si ya kutisha. Na mwenye kisukari aliye na maumivu ya chembe cha moyo apimwe umeme wa moyo, kwa sababu mshtuko wa ukuta wa chini wa moyo hujifanya tumbo.

4. Anayetapika sana hukauka na figo huumia. Mpaka ale na kunywa tena, simamisheni metformini, dawa za kukojoza na za presha za kundi la enalaprili. Glibenklamaidi au insulini ipunguzwe, la sivyo mtamkuta amezimia kwa sukari ya chini huku mnalaumu kichefuchefu.

5. Kabla ya sindano ya kwanza: ulizeni kuhusu kongosho, mawe ya nyongo, saratani ya tezi ya aina ya medula kwake au kwao, na macho.

6. Mgonjwa akitoka wodini. Kongosho likithibitishwa, sindano za kundi hili hazirudishwi, hata ikiwa mawe yametolewa na mama anawalilia kilo zake. Andikeni kwa kalamu nyekundu kwenye kadi, maana mwezi ujao atakutana na intani mwingine. Mwambieni pia kwamba nusu ya dawa hutoka mwilini kwa takriban wiki moja, kwa hiyo dawa itazidi kupungua kwa wiki nne au tano, hamu ya chakula itarudi polepole, na sukari inaweza kuanza kupanda ndani ya wiki hizo. Mpangieni insulini au dawa nyingine kabla hajafika huko, na msimpe sitagliptini au vildagliptini kama mbadala, kwa sababu nazo zina onyo lilelile la kongosho.